Mchuzi wa mayai wa shilingi 4,000, nyanya mbichi! Hivi hawa wapishi wanatuonaje?

Mlalahoi_Ilala:
Wakuu, nina hasira. Kuna mgahawa karibu na kazini kwetu, jina nalihifadhi. Ubaoni wameandika "mchuzi wa mayai na chapati mbili". Nimelipa, nimeletewa bakuli la maji mekundu, mayai mawili meupe pee yanaelea humo. Hayakuguswa na mafuta hata kidogo! Chota mchuzi uonje: juu unachachuka kwa nyanya mbichi, chini kuna unga wa bizari unaokwaruza koo. Mafuta kando, maji kando. Nikapasua yai, kiini kimezungukwa na duara la kijani, ute wake unavutika kama mpira wa ndala. Namuuliza mhudumu, ananijibu "ndivyo unavyopikwa, kaka". Ndivyo unavyopikwa wapi?

Mayai yanachemshwa, yanamenywa, yanapitishwa kwenye mafuta mpaka yashike rangi, ndipo yanaingia kwenye rojo lililoiva. Hatua ya kukaanga wameiruka, na rojo lenyewe hawajaliivisha. Halafu bei wameweka ya mchuzi kamili.

babu_wa_kota:
Pole mkuu. Hilo duara la kijani ni mayai viza. Kimbia hapo. Na uchachu wa nyanya dawa yake ni sukari kijiko kimoja, umekwisha.

Bi_Mwanakombo:
Babu, viza ungelisikia kwa harufu kabla hujaketi. Ukijani ni yai lililokaa motoni kupita kiasi. Sufuria ikishachemka, dakika tisa au kumi zinatosha, kisha unayamwagia maji baridi hapo hapo yasiendelee kuiva kwa joto lake. Halina madhara, ila linakusimulia habari za jikoni: nadhani mayai hayo yametumbukizwa kwenye mchuzi asubuhi, jiko likaachwa linawaka mpaka saa saba mchana mlipokuja. Ndiyo maana ute umekuwa mpira.

Sukari kidogo inapunguza ukali, sikatai. Lakini ladha ya ubichi inabaki palepale. Mimi kwa mayai sita nakata vitunguu viwili vikubwa, nakaanga mpaka viwe kahawia hasa, sio kulainika tu. Tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa, nakoroga mpaka ile harufu kali ipotee. Nyanya nne zilizoiva nakwaruza, naweka na manjano, bizari nyembamba, giligilani ya unga, pilipili na chumvi. Hapo ndipo wenye haraka wanapoharibu, wanaona wekundu wanamimina maji. Moto wa wastani, unakoroga, robo saa hivi, mpaka rojo linaachana na sufuria na mafuta yanachungulia pembeni. Usipoyaona hayo mafuta, usiweke maji. Yakitoka, kikombe kimoja cha maji ya moto, mayai ndani, moto mdogo dakika tano mpaka saba. Garam masala na kotmiri mwishoni.

Mlalahoi_Ilala:
Bi Mkubwa, umemaliza! Sasa nimejua ule unga wa koo umetokea wapi. Bizari wameitupia kwenye maji.

fundi_bomba:
Mbona mimi mayai ya kienyeji yananikatalia kumenyeka? Ute wote unaondoka na ganda, yai linabaki na mashimo.

Bi_Mwanakombo:
Hayo yametoka kutagwa. Yaache siku kadhaa kwanza, ukiwahi yatakusumbua tu.

dada_Chumbageni:
Kukaanga ndiko kunakonitisha mimi. Yai lilinilipukia, mafuta yakaruka mpaka ukutani. Tangu siku hiyo natumbukiza hivi hivi kwenye mchuzi, na watoto wanakula. Mbona mgahawa unalaumiwa?

Mlalahoi_Ilala:
Dada, wewe watoto wako huwatozi 4,000.

Bi_Mwanakombo:
Mwanangu, yai lilikuwa na maji. Lifute kwa kitambaa likauke kabisa, kisha lichanje kwa ncha ya kisu mistari mitatu au minne, usifike kwenye kiini. Mvuke unapata pa kutokea, na mchuzi baadaye unapata pa kuingilia. Mafuta vijiko vitatu vinatosha, chembe ya manjano na pilipili, unageuzageuza dakika mbili tatu mpaka ngozi iwe ya dhahabu na iote vipele vidogo. Mchuzi unashika kwenye hivyo vipele. Yai laini lisilokaangwa linauteleza, unakula yai peke yake na mchuzi peke yake.

mtoto_wa_Mvita:
Kwetu Mombasa sisi hatuchanji, twatoboa kwa uma, na tui la nazi lazima. Bila tui huo si mchuzi.

Bi_Mwanakombo:
Tui kwenye samaki, baba. Hapa litaizima nyanya.

mtoto_wa_Mvita:
Haliizimi kitu, bi mkubwa. Tui zito, kikombe nusu, mwisho mwisho, wala usiliache likatokota.

babu_wa_kota:
Mimi bado nasema yale mayai ni viza.

Mlalahoi_Ilala:
Babu tuache. Kesho narudi pale na wenzangu, tutaagiza mchuzi wa mayai, na kabla ya kulipa tutaomba kuona sufuria.