Naomba ushauri: sheria ya kuchelewa kazini

Habari zenu wanagrupu. Niko na hadwea hapa Kondele, Kisumu, wafanyakazi tisa, na naandika sheria za kazi. Likizo haijanisumbua, Sheria ya Ajira ya 2007 inasema mtu akimaliza mwaka apewe si chini ya siku 21 za kazi, hiyo nimeweka. Shida ni kuchelewa. Tunafungua saa mbili, sasa mvua ikinyesha wale wa kutoka Ahero wanaingia saa mbili na nusu na fundi ashasimama kaunta kitambo anangoja simiti. Mwenzangu alitaka tuandike ukichelewa mara tatu unakatwa siku moja, lakini kifungu cha 19 kinaruhusu kukata mshahara wa siku mtu amekosa kazi siku nzima bila ruhusa, sio nusu saa. Tukajaribu wafidie jioni, wa karibu wakanung'unika eti wenzao wanabembelezwa (na kusema ukweli, jioni wateja ni wachache tu).

Mlioandika hizi sheria, mnaachilia dakika ngapi kabla ya kumwandika mtu kwa rejista kuwa amechelewa? Na barua ya onyo mnatoa baada ya mara ngapi kwa mwezi?