Vespa, kumpakata garini, au kiti cha mtumba: mtoto wa miezi 17, Fuoni mpaka Mjini

UmmuSalma_Fuoni:
Assalaam alaykum. Nimeanza kazi Mjini, na kila asubuhi namwacha mwanangu kwa bibi yake Kikwajuni. Ana miezi 17, kilo 10. Njia ninazo tatu. Kwanza vespa ya baba yake, mtoto katikati yetu. Pili IST ya shemegi, nampakata kiti cha mbele na mkanda unatufunga sote wawili. Tatu, nimeona kiti cha mtoto cha mtumba, muuzaji anataka elfu themanini. Shemegi anasema ni kutupa pesa, kwani kwa foleni ya Mwanakwerekwe hata arubaini hatufiki. Nyinyi mwaonaje?

Mtu_wa_Jambiani:
Waalaykum salaam. Mkanda mmoja wa wawili unatosha, dada. Mtoto hawezi kuruka kiooni ilhali mkanda umemkaza kwako. Kisichofaa ni kumpakata bila mkanda kabisa. Kiti ni mambo ya wazungu.

BiMuuguzi_Chake:
Mtu wa Jambiani, hapo kwenye kuruka umesema kweli, kilichobaki ndicho kinachonitisha.

Chukua hiyo arubaini ya shemegi. Gari ikiipiga nyingine, pua inabonyea kama nusu mita kisha inasimama, haraka kuliko kupepesa jicho. Katika muda huo kila kilichomo kinavuta mbele kwa nguvu ya mara 12 ya uzito wake, zaidi kidogo. Mtoto wa kilo 10 anakuwa kama kilo 120. Nani kati yetu anayeweza kudaka mapolo mawili ya mchele yakirushwa? Kwa hiyo akipakatwa bila mkanda, anaponyoka, hata mama awe na mikono ya mvuvi.

Sasa mfunge mkanda mmoja na mama wa kilo 60. Yule mama naye anavuta mbele, kilo 700 na zaidi, na mbele yake yupo nani? Mtoto. Nyuma anasukumwa na mama, mbele anakatwa na mkanda tumboni, pale penye ini na wengu. Mfupa wa nyonga wa mtoto wa umri huu bado mdogo, hauushiki mkanda kama wa mtu mzima. Tena yupo kiti cha mbele, na IST ina mfuko wa hewa kwenye dashibodi, unaofumuka usawa wa kichwa chake.

Ukipata kiti, kifunge nyuma, mtoto aangalie nyuma ya gari. Kichwa chake ni kizito kwa mwili wake na shingo bado laini. Akitazama mbele, mikanda inashika mabega, kichwa peke yake kinakwenda. Akitazama nyuma, mgongo, shingo na kichwa vinaegemea pamoja.

Hamadi_wa_Konde:
Na sisi wa baiskeli? Wangu wa miaka mitano nampeleka skuli nimemkalisha kwenye keria, juzi mguu uliingia kwenye spoki, kisigino kikachunika vibaya.

BiMuuguzi_Chake:
Pole sana, Hamadi. Hiyo ni mada nyengine, lakini funika spoki za nyuma kwa wavu au plastiki ngumu, na umtilie pa kukanyaga. Kidonda cha spoki kinachelewa kupona, usikidharau.

UmmuSalma_Fuoni:
Bi Muuguzi umenitoa usingizini. Na vespa je? Baba yake anaendesha polepole.

FundiMkubwa_Kwarara:
Nakarabati vespa tangu sijaota ndevu. Mtoto huyo miguu haifiki popote, mikono haina pa kushika, na akisinzia anageuka tope. Akikaa katikati yenu, anashikiliwa na mikono yako tu, na wewe mwenyewe huna unachoshika. Akisimama mbele ya dereva, breki ya ghafla inampeleka kifua kwenye usukani na baba yake juu yake. Helmeti ya mtu mzima usimvishe, inazunguka na inamlemea shingo. Na ncha ya buibui au khanga ya kumfungia ikiingia kwenye gurudumu, mnashuka wote. Hakuna mkanda wa kumfunga mtoto kwenye pikipiki ukawa salama, kwa sababu pikipiki ikilala analala nayo.

Kuhusu kiti, usitoe pesa bado. Kigeuze, chini kwenye plastiki tafuta duara dogo lenye namba 1 mpaka 12 na mshale. Mshale ni mwezi, namba mbili za katikati ni mwaka. Tafuta na lebo ya rangi ya chungwa yenye E ndani ya duara, ikifuatwa na 43 kimeidhinishwa Japani. Kisha vuta kila mkanda, tazama mishono kama ni ya kiwandani. Funga kifungo, kivute kwa nguvu zako zote.

UmmuSalma_Fuoni:
Nimerudi. E43 ipo, mwaka 19, plastiki haina ufa. Lakini mkanda wa bega la kulia umeshonwa upya kwa uzi mweusi, mingine yote uzi wake kijivu. Muuzaji anasema fundi cherehani wake ni hodari.

FundiMkubwa_Kwarara:
Muachie na cherehani yake. Mkanda ulikatika au ulikatwa, na pengine mtu aliukata kumtoa mtoto kwenye gari iliyogongwa.

UmmuSalma_Fuoni:
Nimepata kingine, laki na ishirini, mishono mizima. Tatizo: nimekifunga na kinacheza.

FundiMkubwa_Kwarara:
Mkanda umepita njia gani? Viti vingi vina alama za buluu kwa kuangalia nyuma na nyekundu kwa kuangalia mbele. Fuata buluu. Kisha vuta mkanda wa gari wote mpaka mwisho, uachie urudi. Ukisikia ka-ka-ka na haukubali kutoka tena, umepata kufuli. Usiposikia, weka goti ndani ya kiti, kandamiza, vuta ulegevu wote, halafu tazama kama kiti kina kibanio chake ubavuni. Shika pale mkanda unapopita, tikisa: kisisogee zaidi ya upana wa vidole viwili vyembamba. Katikati ya kiti cha nyuma usikiweke kama pana mkanda wa kiunoni tu.

UmmuSalma_Fuoni:
Ka-ka-ka hapana. Kibanio kipo, sikukiona! Sasa kinasogea kidogo mno.

BiMuuguzi_Chake:
Maashallah. Mikanda ya mabega itoke usawa wa mabega yake au chini kidogo, na ukijaribu kuubana mkanda begani usipate mkunjo wa kushika. Miguu ikigusa kiti cha gari ni sawa. Ukomo wa kiti hicho umeandikwa kwenye lebo, vingi vya aina hiyo ni kilo 13. Na gari ikilala juani, gusa kwanza chuma cha kifungo, kinaunguza.

Mtu_wa_Jambiani:
Nimesoma yote. Lakini siku shemegi hayupo, na daladala hazina hata mkanda mmoja, bora nini?

BiMuuguzi_Chake:
Mimi ningepanda daladala, nikae ndani karibu na kati, si mlangoni wala mbele kwa dereva. Ina mwili wa chuma, vespa haina.

FundiMkubwa_Kwarara:
Hapo tunatofautiana, Bi. Daladala zinazokimbizana na abiria pale Mwanakwerekwe mimi nazijua breki zake. Ningemlipia teksi.

UmmuSalma_Fuoni:
Teksi kila siku, kwa mshahara upi? Jumatano na Alkhamisi shemegi yupo zamu ya usiku. Baba yake kasema siku hizo atamleta bibi Fuoni kwa vespa, mtoto abaki nyumbani. Bibi hajakubali bado.