Diwani mpya kasema "nihukumuni kwa siku 100": tumhukumu kwa lipi?

Mkaazi wa Bondeni: Diwani wetu mpya, katika hotuba yake ya kwanza, ametaja vipaumbele vitatu: mtaro wa barabara ya sokoni, kukamilisha boma la zahanati, na mikopo ya vikundi inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri. Kasema baada ya siku 100 tumuulize. Je, huu ni uwajibikaji au ni maneno ya jukwaani? Na sisi tumpime kwa kipi hasa?

Kalamu ya Kata: Siku 100 ni kipimo kibovu kwa mambo hayo. Aliyechaguliwa kwenye uchaguzi wa Tanzania wa Oktoba 2025 kakuta bajeti ya 2025/26 imepitishwa na inatumika. Bajeti ya kwanza anayoweza kuigusa tangu mwanzo ni ya 2026/27, inayoanza Julai mosi. Kwa hiyo ndani ya siku 100 usimuulize mtaro uko wapi. Mwombe muhtasari wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo yeye ndiye mwenyekiti, uone kama mtaro umeandikwa kwa jina la barabara, unapoanzia na unapoishia. Kisichokuwa kwenye muhtasari huo hakina kitu cha kukipeleka halmashauri.

Nyundo Kichwani: Mnamtafutia visingizio. Diwani ni bosi wa mtendaji wa kata, amwambie tu afanye. Na Mfuko wa Jimbo upo, achote huko amalize mtaro kabla ya masika.

Kalamu ya Kata: Mtendaji ni mwajiriwa wa halmashauri, anawajibika kwa mkurugenzi. Kwenye kamati ya kata yeye ni katibu. Diwani anaweza kumhoji na kumshitaki kwenye baraza, lakini si kumwamuru kama kibarua. Mfuko wa Jimbo nao, kamati yake inaongozwa na mbunge. Kata inaweza kuomba, sawa, ila diwani hachoti.

Na barabara hizo ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017. Diwani akisema "nitajenga mtaro", sahihi yake ni "nitahakikisha unaingia kwenye mpango wa TARURA wa wilaya". Hapo ndipo pa kumbana.

Fundi Mfereji: Mimi nauliza tofauti: mtaro unamwaga wapi? Chukua mtaro wa mita 600. Ukiushusha kwa nusu ya asilimia tu, mwisho wake lazima uwe chini ya mwanzo kwa mita 3. Kama sokoni ni tambarare na mwisho hakuna mto wala korongo, maji yatasimama, mchanga utajaa, na mwaka wa pili watu watatupa taka humo. Kipaumbele kinachotaja mtaro bila kutaja unakotoa maji hakijakamilika. Wakaazi waombe mchoro kabla ya zabuni, kwa sababu mkandarasi akishachimba, kuhamisha mdomo wa mtaro ni gharama nyingine.

Msafiri wa Kisumu: Huku kwetu Kenya MCA, yaani diwani wa kaunti, ana pesa za wadi na basari, tunamwona akigawa. Huyu wenu mbona mnyonge hivyo?

Mkaazi wa Bondeni: Tofauti ya nchi hiyo, ndugu. Hapa hakuna fungu la diwani la kugawa.

Bi Zahanati: Kwenye boma ndiko wengi hudanganywa. Wananchi huchanga, ukuta hufika lenta, halafu hotuba, halafu jua na mvua vinalila. Kupaua si kukamilisha. Jengo likipata bati na milango bado linahitaji choo, maji, kichomea taka, usajili na watumishi. Watumishi wanatoka kwenye ikama, yaani idadi ya watumishi inayopangwa mapema, kwa hiyo ombi lao liende sambamba na ujenzi. Lisipokwenda, mtafungua jengo lenye kufuli. Muulizeni swali moja: mganga na muuguzi wameombwa kwenye bajeti ipi?

Kalamu ya Kata: Kwenye mikopo nako diwani asihesabu "vikundi tulivyohamasisha". Mkopo hauna riba, na sheria imegawa asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Diwani peke yake haidhinishi mkopo wa kikundi. Kila robo mwaka asome namba nne za kata: vilivyoomba, vilivyopata, vilivyokataliwa na sababu, na vinavyochelewesha marejesho. Ya nne ndiyo itakayomkera, maana vikundi vilivyokusanywa kwa ajili ya fedha tu huvunjika mara wakishagawana.

Nyundo Kichwani: Akisema hayo yote kwenye hotuba, nani angempa kura?

Bi Zahanati: Kura keshapata. Hotuba hii ni ya baada.

Mkaazi wa Bondeni: Basi nitaanza na muhtasari wa kamati. Mtendaji akikataa kunionyesha?

Kalamu ya Kata: Omba kwa barua, nakala kwa mkurugenzi. Wengine hutoa, wengine huzungusha. Diwani asipokusaidia kuupata, hapo umeshampima kabla siku 100 hazijafika.

Nyundo Kichwani: Bado nasema masika haisubiri barua.