Naomba ushauri: tangazo la shule yangu ya udereva linawafanya watu wadhani ninauza leseni

Mwenye_Shule_Kondele

Wanajukwaa, hamjambo. Ninaendesha shule ndogo ya udereva hapa Kisumu, upande wa Kondele, yenye magari mawili ya mafunzo na wakufunzi watatu. Bango letu, ambalo niliandikiwa na kijana wa duka la uchapishaji nami nikalikubali bila kulitafakari, linasema hivi:

"JIFUNZE UDEREVA KWA WIKI 2 TU! ADA 9,800, KILA KITU NDANI! LESENI UHAKIKA! ASILIMIA 99 YA WANAFUNZI WETU HUFAULU!"

Wiki iliyopita mama mmoja anayeuza samaki aliingia ofisini, akaufunga mlango, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini ni pesa ngapi anapaswa kuongeza ili binti yake asifike mbele ya mtahini. Nilipomwambia kwamba hatufanyi kazi hiyo, alitoa simu, akanionyesha picha ya bango letu na kuweka kidole juu ya neno "uhakika". Sikuwa na la kumjibu. Tunafundisha kwa bidii na wanafunzi wetu wengi wanafaulu, lakini maneno yetu wenyewe yanatuchafua. Nataka kuliandika upya ili muda, ada, hatua za leseni na matokeo viaminike. Nianzie wapi?

Bango_na_Biashara

Ndugu, ninatengeneza mabango Kakamega na ninajua kinachovuta macho. Tatizo la tangazo lako ni kukosa ushahidi. Weka nembo ya NTSA iwe kubwa juu kabisa, panga chini yake picha sita za wanafunzi wakiwa wameshika leseni, kisha badilisha 99 iwe 98.7, kwa sababu watu huamini namba yenye nukta kuliko namba iliyokamilika.

Mkufunzi_Mstaafu

Bango_na_Biashara amegusa jambo la kweli, kwamba ushahidi unahitajika, ila vitu alivyovitaja havithibitishi lolote. Nembo ya mamlaka ikiwekwa kubwa hivyo inamfanya msomaji adhani kwamba NTSA ndiyo inayotangaza, ilhali shule inachoweza kusema ni kwamba imesajiliwa, na kuonyesha namba ya cheti chake. Picha za wanafunzi zinahitaji ridhaa yao chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na hapo mtu ameonyesha uso pamoja na leseni yenye maelezo yake yote. Kuhusu 98.7, namba hiyo imetoka wapi? Kama haikutoka kwenye daftari, ni uongo wenye nukta, na Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inakataza kumpotosha mteja kwa maelezo ya aina hiyo.

Sasa nirudi kwako, mwenye shule. Nilikaa kiti cha kushoto miaka mingi, mguu ukiwa juu ya breki ya pili, na ninaona kwamba neno "uhakika" ndilo mzizi wa balaa lako. Kila Mkenya anajua kwamba mtahini hatoki shuleni kwako. Yeye ndiye anayemsimamisha mwanafunzi mbele ya bodi, ile yenye mji mdogo wa mfano na kigari cha kusukuma kwa mkono, anamuuliza alama za barabarani, kisha anaingia naye garini. Shule inapoahidi matokeo ambayo yamo mikononi mwa mtu mwingine, msomaji anabaki na maelezo mawili tu: ama unadanganya, ama umemnunua huyo mtu. Yule mama alichagua la pili, na kwa haki kabisa.

Kabla hatujaandika sentensi yoyote mpya, fungua daftari la usajili utuambie mambo matatu. Somo moja lina dakika ngapi mwanafunzi akiwa kwenye usukani? Mwanafunzi wa mwisho aliyepata leseni alitoa shilingi ngapi kwa jumla, pamoja na za serikali? Na tangu Januari hadi Juni, waliojiandikisha ni wangapi na kila mmoja aliishia wapi?

Dada_wa_Nakuru

Naomba niongeze yaliyonipata, kwa kuwa hili la ada linaniuma hadi leo. Nilijiunga na shule moja hapa Nakuru iliyotangaza "kila kitu ndani". Siku moja kabla ya mtihani niliambiwa nilipe gari la kufanyia mtihani, jambo ambalo halikuwa limetajwa hata mara moja. Isitoshe, masomo yangu ya "saa moja" tulikuwa wanafunzi watatu ndani ya gari moja, mimi ninaendesha dakika ishirini na dakika arobaini ninatazama visogo vya wenzangu. Nilipolalamika, nilijibiwa kwamba kutazama pia ni kujifunza. Nilishindwa kupanda kilima bila gari kurudi nyuma, nikaanguka mtihani, nikalipa tena.

Kijana_wa_Mumias

Hamjambo. Mimi nina pikipiki na nataka leseni ya bodaboda. Hiyo 9,800 inahusu pikipiki pia, na ninaweza kulipa kidogo kidogo?

Mwenye_Shule_Kondele

Kijana_wa_Mumias, ndugu yangu, sisi tunafundisha magari madogo tu. Pikipiki ni daraja A, na tangazo letu halikusema hivyo mahali popote. Nakushukuru, maana umenionyesha kosa lingine.

Mzee Mkufunzi, nimekesha na daftari. Majibu ni haya, na sikuficha kitu.

Kozi yetu ni masomo 20 ya dakika 30 kwenye usukani, yaani saa 10, mbali na darasa la alama na bodi. Wiki mbili zinawezekana tu kwa anayekuja mara mbili kila siku ya kazi, na mwaka huu wamekuwa watu wawili. Wengine wana kazi, huja mara tatu au nne kwa wiki. Tangu kujiandikisha hadi kupata matokeo ya mtihani, aliyewahi zaidi alichukua wiki 5, nusu yao walimaliza ndani ya wiki 9, na aliyechelewa zaidi alifika wiki 17.

Kuhusu pesa, mwanafunzi wa mwisho alitulipa 9,800, kisha 1,500 za gari la siku ya mtihani. Kupitia eCitizen alilipa 650 za leseni ya mwanafunzi, 1,050 za mtihani, 650 za leseni ya muda baada ya kufaulu, na 3,050 za leseni ya kadi. Jumla ni 16,700. Nilipoiona namba hiyo karibu na maneno "kila kitu ndani" nilijisikia vibaya sana.

Waliojiandikisha Januari hadi Juni ni 46. Watano waliacha njiani, watatu wanasubiri tarehe, na 38 walifanya mtihani. Waliofaulu mara ya kwanza ni 29, waliofaulu mara ya pili ni 7, na wawili hawajarudi. Ile 99 sijui ilitoka wapi.

Mkufunzi_Mstaafu

Hapo sasa una tangazo. Tazama daftari lako linavyoweza kusema mambo tofauti kwa watu wale wale. Ukigawanya 36 kwa 38 unapata karibu asilimia 95. Ukihesabu waliofaulu mara ya kwanza tu, yaani 29 kwa 38, unapata 76. Ukiwaweka wote 46 waliojiandikisha, waliofaulu wanakuwa asilimia 78. Zote tatu ni hesabu sahihi, lakini msomaji akiiona asilimia peke yake hajui ni ipi. Kwa hiyo usiandike asilimia. Andika watu, kipindi na daraja, naye atajihesabia.

Kuhusu muda, tenganisha kilicho chako na kisicho chako. Saa 10 za usukani ni ahadi yako na unaweza kuitimiza. Tarehe ya mtihani si yako, kwa hiyo sema muda ambao wanafunzi wako walichukua kwa kweli. Malalamiko ya Dada_wa_Nakuru utayajibu kwa maneno manne tu, "dakika 30 ukiendesha wewe", kwa sababu neno "somo" peke yake linaficha mengi.

Kwenye hatua, mtu aone kwamba leseni ya mwanafunzi inatangulia kabla hajaingia barabarani na alama ya L. Shule inayomweka mtu kwenye usukani katika kilima cha Riat siku ya kwanza bila leseni hiyo inamtia hatarini.

Bango_na_Biashara

Nimekubali kuhusu nembo na picha. Ila kama mtu wa soko sikubaliani na jambo moja. Shule iliyo mkabala nawe imeandika "asilimia 100", nawe uandike kwamba 9 kati ya 38 hawakufaulu mara ya kwanza? Mteja hatasoma kwa makini, ataona tu kwamba kwako watu huanguka.

Dada_wa_Nakuru

Mimi ningekuja kwake. Aliyeniambia wangapi walianguka ataniambia pia gharama ya kurudia.

Mkufunzi_Mstaafu

Bango_na_Biashara ana hoja, na sina jibu kamili. Nimeona shule ikipoteza wateja miezi ya mwanzo kwa kusema kweli. Ukiogopa, anza kuweka matokeo kwenye karatasi ya ofisini, na bango libebe saa na ada tu.

Mwenye_Shule_Kondele

Nimeamua kuyaweka yote, kisha nitahesabu wanaokuja kwa miezi mitatu. Rasimu ni hii:

"Mafunzo ya gari dogo, daraja B, la gia za mkono. Masomo 20, kila moja dakika 30 ukiendesha wewe, pamoja na darasa la alama za barabarani na bodi. Ada ya shule ni 11,300, gari la siku ya mtihani likiwemo. Malipo ya serikali unayalipa mwenyewe kupitia eCitizen, na kwa wanafunzi wetu wa hivi karibuni yalifika 5,400. Utaanza kwa kupata leseni ya mwanafunzi, utajifunza, utafanya mtihani wa NTSA, na ukifaulu utaomba leseni ya muda na ya kadi. Kati ya wanafunzi 38 waliofanya mtihani, 29 walifaulu mara ya kwanza na 7 mara ya pili. Nusu walipata matokeo ndani ya wiki 9 tangu kujiandikisha."

Dada_wa_Nakuru

Umesahau gharama ya anayerudia. Hapo ndipo mimi nilipoumia.

Mkufunzi_Mstaafu

Na kipindi pia, andika "waliojiandikisha Januari hadi Juni" pamoja na mwaka. Ada za serikali zitie tarehe uliyozitazama, kwani zikibadilika bango lako litakuwa linadanganya tena bila wewe kusema neno.

Mwenye_Shule_Kondele

Nimeongeza: "Anayerudia mtihani hulipa 1,050 za serikali na 1,500 za gari, na tunampa masomo mawili bila malipo katika sehemu aliyoshindwa." Kesho ninalishusha lile la zamani. Namba ya yule mama ninayo, nitampigia nimsomee hili kabla halijachapishwa, nione ataweka kidole wapi.