Tasnifu ya mtama: ukurasa mmoja colour, mwingine color. Nazinyooshaje zote?

Mtama_Dom

Wanajamvi, habari za jioni. Niko Dodoma, namalizia tasnifu ya uzamili kuhusu rangi na ubora wa unga wa mtama. Msimamizi ameirudisha akiwa ameandika pembeni kwamba spelingi hazina msimamo. Kuna colour na color, fibre na fiber, na analysed na analyzed zinakutana ndani ya aya moja. Mwongozo wa chuo unataka Kiingereza cha Uingereza. Sura ya pili niliiandaa na mwenzangu aliyesoma Marekani, na hojaji ilitoka kwa mfadhili wa huko huko.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba Word haijachora mstari mwekundu chini ya hata moja kati ya hayo. Nifanyeje? Natakiwa kukabidhi Ijumaa.

Kijana_AreaC

Mkuu, hiyo ni kazi ya nusu saa. Bonyeza Ctrl+H, juu andika color, chini colour, kisha Replace All. Fanya hivyo kwa labor, meter na ize pia. Uingereza wanaandika s, Marekani z. Basi.

Mwalimu_Kondoa

Na mimi naomba kuuliza hapo hapo. Nafundisha kidato cha tatu, na siku hizi insha zinakuja na center na favorite kwa sababu vijana wanasoma sana kwenye simu. Nikate alama au niache?

Mtama_Dom

@Kijana_AreaC nimejaribu kwenye nakala, faili lenyewe sijaligusa. Fiber kwenda fibre imekubali vizuri. Lakini jina la kisayansi la mtama limegeuka Sorghum bicolour, laboratory imekuwa labouratory, parameters imekuwa parametres, na kila nilipotaja mahindi sasa inasomeka maise. Hii siwezi kuipeleka kwa msimamizi.

Kalamu_Nyekundu

Mtama_Dom, umefanya vema kutumia nakala. Nahariri ripoti za kilimo kwa miaka mingi na tatizo lako nalijua. Anza na hiyo mistari myekundu isiyoonekana, maana ndiko mzizi uliko.

Word haina lugha moja kwa faili zima. Kila kipande cha maandishi kinabeba lugha yake, na ukikopi aya kutoka kwa mwenzako inakuja na alama ya Kiingereza cha Marekani. Kwa hiyo color ndani ya aya ile inahesabiwa sahihi, na colour kwenye aya yako nayo ni sahihi. Weka kishale kwenye aya moja ya sura ya pili, kisha tazama chini kabisa ya dirisha. Nadhani utakuta English (United States).

Bonyeza Ctrl+A, nenda Review, Language, Set Proofing Language, chagua English (United Kingdom). Kwenye kisanduku hicho hicho ondoa tiki ya Do not check spelling or grammar, na ile ya Detect language automatically, la sivyo Word itaanza tena kukisia yenyewe. Jambo linalosahaulika ni kwamba Ctrl+A haifiki kwenye tanbihi wala visanduku vya maandishi. Bofya ndani ya tanbihi moja, rudia hatua hizo, halafu fanya vivyo hivyo kwenye visanduku. Ukimaliza, mistari myekundu itajitokeza yenyewe, nawe utarekebisha neno kwa neno ukiona sentensi yake.

Kwa neno linalojirudia sana, kama color, tumia Ctrl+H lakini weka tiki kwenye Use wildcards:

```
Find what:     <([Cc])olor
Replace with:  \1olour
```

Alama ya < inamaanisha mwanzo wa neno. Hivyo colors na colored zitashikwa, lakini bicolor haitaguswa kwa sababu color haiko mwanzoni mwake. Hata hivyo usibonyeze Replace All. Pita na Find Next, maana kama umepima rangi kwa colorimeter, kifaa hicho hakiongezwi u hata Uingereza. Meter nayo ina mtego wake. Kipimo cha urefu ni metre, lakini kifaa cha kupimia, kama kile cha maji, Waingereza wenyewe wanaandika meter.

Kijana_AreaC

Sawa mkuu, nimekuelewa kwenye color. Ila hiyo z ni ya Marekani, hapo sibadiliki.

Kalamu_Nyekundu

Kijana, uko nusu sahihi. Marekani wanatumia z, hilo kweli. Lakini kamusi za Oxford nazo zimeshikilia -ize miaka yote, na Umoja wa Mataifa unafuata mtindo huo. Ndiyo maana utaona World Health Organization kwa z, huku mashirika hayo hayo yakiandika World Food Programme na International Labour Organization. Z haitoshi kuonyesha kuwa maandishi ni ya Marekani.

Kwa Mtama_Dom hili lina athari. Word ikiwekwa Kiingereza cha Uingereza inakubali organise na organize zote mbili, kwa hiyo hapa haitakusaidia. Chagua moja. Kama mwongozo wa chuo haujasema, ningekushauri -ise, kwa sababu analyse kwa Uingereza ni s hata kwa wanaofuata Oxford, na msomaji hatakutana na organize na analyse zikiwa jirani akadhani umechanganya tena. Kisha tafuta ization, ized, izing, na mwisho ize, moja moja kwa Find Next. Utasimama kwenye maize na size mara nyingi, vumilia tu. Atakayechagua -ize naye asiguse advertise, exercise wala supervise. Hizo ni s pande zote mbili.

Na majina ya taasisi yabaki kama wenyewe wanavyoyaandika. Centers for Disease Control and Prevention haigeuki Centres.

Bin_Chamwino

Na orodha ya marejeo? Mimi niliambiwa nibadilishe hadi vichwa vya makala ili vifanane na tasnifu.

Kalamu_Nyekundu

Mimi nisingebadilisha. Kichwa cha makala ni jina lake. Atakayekitafuta anatakiwa akikute kama kilivyochapishwa. Nukuu za moja kwa moja vivyo hivyo.

Mtama_Dom

Nimeangalia chini ya dirisha, sura ya pili nzima ni English (United States) kama ulivyosema. Nimebadilisha na mistari myekundu imejaa. Sasa swali la hojaji. Walengwa waliulizwa kwa Kiswahili, lakini toleo la Kiingereza liko kwenye kiambatisho likiwa na color na flavor. Nilinyooshe?

Bin_Chamwino

Nyoosha. Ni sehemu ya tasnifu yako, msimamizi hatajali limetoka wapi.

Kalamu_Nyekundu

Hapo natofautiana na Bin Chamwino. Hojaji ni chombo cha utafiti, ningeiacha ilivyo na kuandika mstari mmoja juu yake kwamba imewekwa kama ilivyotolewa na mfadhili. Lakini ukitaja maswali yake ndani ya maelezo yako mwenyewe, tumia colour. Muulize msimamizi kabla ya Ijumaa, wengine wana msimamo mkali kwenye hili.

Kitu kingine, grafu zako. Kama ulizibandika kama picha, Find haisomi kilichomo ndani. Zipitie kwa macho, hasa maandishi ya kwenye mihimili.

@Mwalimu_Kondoa, kwa maoni yangu anayeandika center na favorite mwanzo hadi mwisho asikatwe. Anayechanganya muonyeshe kwanza.

Mwalimu_Kondoa

Nashukuru. Tatizo ni kwamba mwenzangu wa mkondo wa pili anakata zote, na watoto wanalinganisha madaftari. Itabidi tukae idara nzima.

Mtama_Dom

Grafu tatu zina Color value kwenye mhimili wa wima. Narudi kuzichora upya kwenye Excel usiku huu.