Mteja wangu ametumiwa ujumbe wa mikopo: mkusanyaji wa taarifa ni mimi au kampuni ya programu ya uhasibu?

Duka_Majengo: Salaam, wanajukwaa. Ninauza vifaa vya ujenzi hapa Majengo, Dodoma. Daftari la madeni na mishahara ya vijana wangu wanne nimevihamishia kwenye programu ya uhasibu ya mtandaoni ninayoilipia kila mwezi. Wiki iliyopita fundi mmoja anayechukua saruji kwangu kwa mali kauli alinionyesha ujumbe kwenye simu yake: kampuni ya programu hiyo imemtaja kwa jina na kumkaribisha akope kwao. Nilipowapigia, walijibu kwamba wao ni wachakataji tu na mkusanyaji ni mimi. Je, kosa ni langu?

Mhasibu_AreaD: Usihangaike, ndugu. Taarifa zimo kwenye seva zao, kwa hiyo wakusanyaji ni wao.

MamaMikataba: Hapo umeteleza, Mhasibu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haiulizi seva iko wapi, bali inauliza nani aliyeamua taarifa zichakatwe kwa lengo gani na kwa njia gani. Jina, simu na deni la fundi aliviandika mwenye duka ili aweze kumdai, na kwa lengo hilo mkusanyaji ni yeye, ilhali kampuni inayomhifadhia na kumjumlishia hesabu kwa maelekezo yake ni mchakataji. Lakini kampuni ilipoichukua namba ileile kutangaza mikopo yake, ililifuata lengo lake yenyewe ambalo hakuna aliyeiagiza, na kwa tendo hilo haiwezi tena kujificha nyuma ya neno "mchakataji". Waandikie leo, si kwa simu: wakueleze namba waliitoa wapi na waache kuitumia. Picha ya ujumbe ule itunze, na fundi umjibu wewe mwenyewe, kwa kuwa alikukabidhi wewe namba yake. Akitaka, anaweza kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Kijana_Singida: Mimi nilisahau neno la siri, nikakaa siku tatu bila hesabu. Weka nakala kwenye flashi.

MamaMikataba: Hilo ni jambo jingine, mdogo wangu, ingawa flashi yenye mishahara ya watu ikiokotwa stendi, atakayejibu ni wewe.

Mhasibu_AreaD: Nimekubali. Je, mimi ninayeingiza hesabu za maduka sita?

MamaMikataba: Ukiingiza ulichoagizwa, ninakuona mchakataji. Pale unapoamua mwenyewe, kwa wajibu wa taaluma yako, nini kitunzwe na kwa muda gani, wanasheria wenzangu hatukubaliani.

Duka_Majengo: Nimefungua vigezo vyao. Kuna kipengele kinachowaruhusu "kuwapa wateja wa mtumiaji bidhaa zinazowafaa", nami nilibonyeza "Nakubali" bila kusoma.

MamaMikataba: Basi hali yako ni ngumu kidogo, kwa sababu watadai uliwaruhusu, na fundi naye atakuuliza kwa nini. Hata hivyo, "Nakubali" yako si ridhaa yake. Nakili kipengele hicho neno kwa neno ndani ya barua, kabla hawajakibadilisha.