Tupeane uzoefu: uliyewahi kutafsiri protokali ya maabara kwenda Kijapani, ni mstari gani ulisomeka vibaya?

Mteknolojia wa Ziwa
Wakuu, habari za muda. Nipo Nagasaki kimasomo. Juzi nimeletewa protokali ya kupaka rangi slaidi za malaria niihakiki, nikakumbuka kisa kilichotupata hapa na kikanirudishia hasira yote. Nakiweka, na nyie leteni vyenu.

Slaidi zetu za kufundishia zilitoka nyumbani zikiwa na tone nene na tone jembamba kwenye kioo kimoja, kama tulivyozoea. Protokali ilikuwa ya Kiingereza, ikapelekwa kwa ofisi ya tafsiri, ikarudi Kijapani safi kabisa kwa macho. Wenzetu wa hapa wakaifuata neno kwa neno. Nilipoweka slaidi chini ya hadubini, kila tone nene lilikuwa limejaa chembe nyekundu nzimanzima zilizopandana, hata kimelea kimoja hakionekani. Matone membamba yalikuwa mazuri tu. Hapo nikajua methanoli imegusa tone nene. Tone nene halitakiwi kukazwa kwa methanoli, kwa sababu maji ya rangi ndiyo yanayopasua chembe nyekundu na kuacha vimelea wazi. Ukishazikaza hazipasuki tena, na slaidi hiyo hairudi.

Nikaomba karatasi ya Kijapani. Mstari ulikuwa huu:

```
スライドをメタノールで固定し、染色する。
```

Yaani kaza slaidi kwa methanoli, kisha paka rangi. Slaidi nzima! Kiingereza kilitaja tone jembamba katika sentensi ya juu yake, mfasiri akaona si lazima kulirudia, maana Kijapani kinaruhusu kuacha kilichokwisha kutajwa. Mtu aliye mezani na glavu mkononi hasomi sentensi ya juu. Anasoma hatua aliyofikia, basi. Slaidi zile zilitoka kwa watu waliojitolea damu yao, na hatukuwa na nyingine.

Sasa naandika hivi:

```
1. 薄層のみをメタノールで固定する。
2. 厚層部分にはメタノールを触れさせない。
3. 完全に乾燥させる。
```

Jembamba peke yake likazwe, nene methanoli isiliguse, kauka kabisa. Angalieni pia kwamba nene 厚 na jembamba 薄 zinatofautiana kwa herufi moja tu, kwa hiyo nimeongeza na mchoro: slaidi imeinamishwa, nene juu, jembamba chini, ili methanoli isipande.

Dada Kisauni
Hii imenigusa. Kwetu pia "slaidi" ilimeza kila kitu.

Mchapakazi_254
Mkuu, swali langu ni tofauti kidogo. Mimi nataka kutafsiriwa cheti changu cha diploma ya maabara kwenda Kijapani kwa ajili ya viza. Hao watu wa tafsiri wanachukua muda gani?

Mzee wa Hadubini
Mchapakazi, fungua mada yako, utajibiwa vizuri huko.

Mteknolojia, umesema la utaratibu. Mimi nitasema la ukolezi, kwa protokali hiyohiyo. Asili nyingi zinaandika "Giemsa 1:10". Kwetu wengi wanachukua rangi sehemu 1 na bafa sehemu 9, inakuwa asilimia 10. Lakini Mjapani aliyelelewa na vitabu vya dawa vya kwao akiona nukta mbili, anaweza kuisoma kama mchanganyiko wa sehemu kwa sehemu, yaani 1 na 10. Kwenye Giemsa tofauti hiyo ni ndogo, unashuka mpaka kama asilimia 9. Ila hebu weka 1:1. Mmoja anapata nusu kwa nusu, mwingine anadhani usichanganye na chochote.

Wao wana njia zao zilizonyooka. Farmakopea ya Japani inaandika (1→10), maana yake mililita 1 ijazwe mpaka jumla ifike mililita 10. Viwango vya JIS vya uchambuzi wa kemikali vinaandika (1+9), sehemu 1 kwa sehemu 9 za maji. Nukta mbili usiiache hata mara moja, na ukiweza achana na uwiano kabisa, taja ujazo:

```
ギムザ原液 5 mL に緩衝液(pH 7.2)45 mL を加え、全量 50 mL とする。
```

Na hiyo pH iandike kila mara. Maabara nyingi za damu kule zina bafa ya 6.4 kwa slaidi za kawaida. Mtu akisoma "bafa" tupu atachukua iliyo mezani, na madoa ya kwenye chembe zenye vimelea hutayaona vizuri.

Kemia Tupu
Mzee, mstari wako wenyewe una maagizo mawili. Umesema weka 45, halafu umesema jumla iwe 50. Rangi ile ina methanoli, na methanoli ikikutana na maji ujazo unapungua. Sasa nifuate 45 au nifuate 50?

Mzee wa Hadubini
Kwa Giemsa haina madhara. Upungufu huo huuoni kwenye silinda.

Kemia Tupu
Mada inasema isiweze kusomeka vibaya, haikusema isiwe na madhara. Chukua ethanoli mililita 70 na maji mililita 30, hupati 100. Anayefuata "ongeza 30" na anayefuata "jaza mpaka 100" wana vitu viwili tofauti. Chagua moja.

Mzee wa Hadubini
Hapo sawa. Kwa ethanoli acha jumla peke yake. Kwa Giemsa mimi nabaki na zote mbili, kwa sababu jumla inamsaidia mtu kujikagua kama alikosea kupima.

Kemia Tupu
Sikubaliani, ila tuendelee.

Asidi Kali
Nyie mnabishania rangi, mimi nimeona moto. Chuo nilichosoma huko kulikuwa na karatasi ya Kijapani iliyobandikwa kwenye chumba cha kuvutia hewa, ya kuandaa asidi ya salfa iliyozimuliwa. Ilisema 硫酸に水を加える. Wanaojua Kijapani wameshashtuka. Hiyo ni kwamba kwenye asidi tia maji! Ilitakiwa 水に硫酸を加える, kwenye maji tia asidi.

Mwenzangu wa mwaka wa kwanza akaweka asidi kwenye bika, akamimina maji juu yake. Maji ni mepesi, yalibaki juu ya asidi, yakachemka palepale. Nilisikia mlio kama mafuta ya kukaangia yaliyodondokewa na maji, kioo cha mbele kikajaa matone, glavu yake ikaanza kutoa moshi. Kioo kilikuwa kimeshushwa na alivaa miwani, ndicho kilichomwokoa uso.

Mfasiri alikuwa na maneno yote sahihi. Alibadilisha に na を tu, basi.

Dada Kisauni
Mungu wangu. Alipona mkono?

Asidi Kali
Alipona, alivua glavu haraka akakaa na bomba la maji muda mrefu. Ilibaki wekundu.

Jua Kali Moro
Kwa hiyo Kijapani kinachotangulia ndicho chombo? Yaani cha kwanza kwenye sentensi ndicho kinachopokea?

Binti wa Osaka
Hapana, kaka, na ndiyo hatari yenyewe. Unaweza kusema 水に硫酸を au 硫酸を水に, maana ni ileile, maji yanapokea. Anayepokea ni yule mwenye に, popote alipokaa. Mimi nahakiki tafsiri za maabara, na kwa hatua kama hii sikubali sentensi moja. Naivunja:

```
1. ビーカーに水 90 mL を入れる。
2. 氷冷し、かき混ぜながら、硫酸 10 mL を少しずつ加える。
```

Bika likishakuwa na maji katika hatua ya kwanza, hakuna tena cha kukosea katika ya pili. Ulichoingiza kwanza kimeandikwa kwanza, na namba ndiyo inayobeba utaratibu. Kiingereza kinapenda kusema "fanya hili baada ya lile". Mfasiri asifuate mpangilio huo, afuate mpangilio wa mikono.

Asidi Kali
Laiti karatasi ile ingekuwa hivyo.

Seli Hai
Asidi imeteka mada, na mimi nina la muda. Tulikuza seli, asili inasema badilisha midia kila siku 2. Tafsiri ikaja 2日おきに. Wenzetu wakabadilisha Jumatatu, kisha Alhamisi. Midia ikageuka njano, seli zikaanza kung'oka chini ya chupa. Walipoulizwa wakasema wameacha siku 2 katikati, kama ilivyoandikwa.

Jua Kali Moro
Walikosea wao. Nimesoma Kijapani, おき ni "kila". 10分おきに ni kila dakika 10, kila mtu anajua.

Binti wa Osaka
Kwa dakika ni kweli. Kwa siku, 1日おき ni siku moja ndiyo, moja hapana, hilo halina ubishi. 2日おき ndiyo inayowagawa Wajapani wenyewe, na wengi wanaacha siku 2 katikati. Hawakukosea.

Jua Kali Moro
Basi tumia 2日ごと.

Binti wa Osaka
Ni afadhali, lakini hata hiyo nimekuta watu wanaisoma tofauti. Kwa seli naorodhesha siku zenyewe, na nasema sifuri ni ipi. Asili ikisema siku ya 3 kwa kuhesabu siku ya kupanda kama 0, usiandike 3日目, maana hapo siku ya kupanda inahesabiwa kuwa ya 1, na umewahi kwa siku nzima. Andika 播種3日後, siku 3 baada ya kupanda. Nyongeza ya tarehe pembeni haidhuru.

Mwanza Rock
Kwetu asili ilikuwa daftari la Kiswahili. "Toa kwenye inkubeta saa 2 asubuhi." Ikatafsiriwa 午前2時. Mlinzi alishangaa kumwona mtafiti wa Kijapani usiku wa manane. Tangu hapo tunaandika 08:00.

Dada Kisauni
Jamani, hata "saa 2" tupu: 2時 ni saa ya ukutani, 2時間 ni muda wa kusubiri. Herufi moja.

Mchapakazi_254
Mimi naona mnajisumbua. Mtafute mtu mwingine arudishe Kijapani kuwa Kiingereza, mkilinganisha makosa yote yanaonekana.

Seli Hai
Yetu ilirudishwa. 2日おき ikarudi "kila siku 2", ikapigwa muhuri.

Binti wa Osaka
Ndivyo. Anayerudisha anatafuta maana inayoeleweka, kwa hiyo anaziba pengo bila kujua. Hata ile ya asidi, mwingine angeirudisha sawa kwa kuwa anajua asidi inatiwa kwenye maji. Mimi nampa mteknolojia wa Kijapani ambaye hajaiona asili, anafanya zoezi zima kwa maji ya bomba na slaidi tupu, saa ya kuhesabia ikiwa mezani. Mwenzake anaandika kila anachokishika, amekitia wapi, amebonyeza saa wakati gani. Ile karatasi ndiyo nailinganisha na asili. Anaposita na kurudi nyuma kusoma tena, mstari huo naandika upya hata kama hatimaye amefanya sawa.

Mzee wa Hadubini
Kwa maabara yenye mteknolojia mmoja hilo haliwezekani, dada.

Binti wa Osaka
Basi angalau hatua zile ambazo ukikosea hurudi nyuma. Kwa Giemsa ni ile ya methanoli.

Mteknolojia wa Ziwa
Nitalifanya Jumatatu na hii iliyo mezani. Mzee, hiyo bafa ya 6.4, wao wanaiandika nini kwenye chupa? Nataka niitaje kwa jina kwenye hatua kwamba isitumike.